Umetoa kinu cha zamani, ukaongeza pesa, ukachukua kipya: vitabu viandikwe vipi?

Wafanyabiashara wengi wa Nakuru na viunga vyake hawauzi mashine kuukuu kivyake. Wanairudisha kwa muuzaji, anawakatia kiasi fulani kwenye bei ya ile mpya, nao wanalipa kilichobaki. Ankara inayokuja huwa na mistari mitatu tu: bei ya mashine mpya, kiasi kilichokatwa kwa ile ya zamani, na salio. Kosa huanzia papo hapo, kwa sababu kati ya mistari hiyo mitatu ni salio pekee ambalo unaweza kuliamini bila kuuliza zaidi.

Tuchukue mfano wa kinu cha kusaga mahindi huko Njoro. Kilinunuliwa Januari 1, 2021 kwa shilingi 460,000. Mwenyewe alikadiria kitafanya kazi miaka 7, kisha kiuzwe kama chuma chakavu kwa 40,000. Kwa hiyo kila mwaka kinapoteza 60,000. Juni 30, 2025 anakirudisha na kuchukua kipya. Ankara inasema kinu kipya ni 640,000, cha zamani kimekubaliwa kwa 240,000, na amelipa 400,000 kupitia benki. Tuchukulie bei zote hizi hazina VAT.

Kwanza malizia uchakavu hadi siku ya kubadilishana. Vitabu vya Desemba 2024 vinaonyesha uchakavu limbikizi wa 240,000, yaani miaka 4. Nusu mwaka wa 2025 ni 30,000 zaidi. Ukiiruka hatua hii, mashine ya zamani itaonekana kuwa na thamani kubwa kuliko iliyo nayo, na hasara utakayopata mwishoni itakuwa imechanganyika na gharama ya kawaida ya kuitumia.

Debiti: Gharama ya uchakavu 30,000
Krediti: Uchakavu limbikizi wa kinu cha zamani 30,000

Sasa uchakavu limbikizi ni 270,000, na thamani ya kinu kitabuni ni 460,000 kutoa 270,000, yaani 190,000.

Hapa ndipo wengi wanapofurahi mapema. Wanaona muuzaji amekubali 240,000 kwa kitu chenye thamani ya 190,000 kitabuni, wanaandika faida ya 50,000, na kinu kipya kinaingia kwa 640,000. Lakini je, kuna mtu yeyote ambaye angetoa 240,000 taslimu kwa kinu hicho? Wauzaji wa mashine hupandisha bei ya kipya ili waonekane wakarimu kwa cha zamani. Hawadanganyi mtu, ni namna yao ya kufanya biashara. Ila vitabu vyako havipaswi kubeba ukarimu wa karatasi.

Njia ya kujua ukweli ni rahisi, na inafaa kufanywa kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji kotesheni mbili za maandishi: moja ukimletea kinu cha zamani, nyingine ukilipa taslimu bila kubadilishana. Kisha waulize wanunuzi wawili wa mashine zilizotumika watatoa ngapi. Katika mfano wetu, bei ya taslimu bila kubadilishana ni 545,000, na wanunuzi wa nje wanatoa karibu 145,000 kwa cha zamani. Majibu hayo mawili yanakubaliana: 145,000 kuongeza 400,000 zilizolipwa ni 545,000. Zile 95,000 zilizozidi kwenye ankara ziliongezwa upande mmoja zikatolewa upande wa pili.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 16, kinasema mashine iliyopatikana kwa kubadilishana ipimwe kwa thamani halisi ya sokoni. Kwa hiyo kinu kipya kinaingia kwa 545,000, na kile cha zamani kinahesabiwa kimeondoka kwa 145,000. Kwa kuwa kitabuni kilikuwa 190,000, kuna hasara ya 45,000, si faida ya 50,000.

Debiti: Kinu kipya 545,000
Debiti: Uchakavu limbikizi wa kinu cha zamani 270,000
Debiti: Hasara ya kuondoa mali ya kudumu 45,000
Krediti: Kinu cha zamani, kwa bei kilichonunuliwa 460,000
Krediti: Benki 400,000

Pande zote mbili zinafika 860,000. Kama sehemu ya zile 400,000 ilitoka kwa mkopo wa sacco, weka krediti ya sehemu hiyo kwenye akaunti ya mkopo badala ya benki. Gharama ya kinu haibadiliki.

Inaweza kutokea mashine ni ya aina adimu, hakuna soko la zilizotumika wala bei ya taslimu ya ile mpya. Ikiwa thamani halisi ya upande wowote haipimiki kwa uhakika, tumia thamani ya kitabuni: 190,000 kuongeza 400,000, kinu kipya kiwe 590,000, bila faida wala hasara. Hii ni njia ya mwisho. Usiikimbilie kwa sababu tu hukutaka kupiga simu mbili.

Gharama haziishii kwenye bei. Kusafirisha kinu kipya hadi Njoro kwa 12,000, pamoja na kumwaga msingi wa zege na kukifunga kwenye umeme kwa 18,000, vyote vinaongezwa, na kinu kinasimama kwenye vitabu kwa 575,000. Kumfundisha mwendeshaji hakuongezwi, hiyo ni gharama ya mwezi huo. Nauli ya kukipeleka cha zamani kwa muuzaji nayo tunaiona mara nyingi ikitupwa kwenye mashine mpya. Si mahali pake. Ni gharama ya kuondoa kile cha zamani, hivyo inaongeza hasara.

Kuhusu VAT, kama umesajiliwa na unaidai KRA, usiiweke ndani ya gharama ya mashine. Kama hujasajiliwa, ile 16% uliyolipa ni sehemu ya gharama. Aliyesajiliwa akumbuke pia kwamba kwa kutoa kinu cha zamani amefanya mauzo, kwa hiyo anahitaji kutoa ankara ya eTIMS. Kukatana hesabu na muuzaji hakufuti mauzo hayo.

Kosa tunalolikuta zaidi tunapopokea vitabu vya mteja mpya ni moja: karani ameangalia salio la ankara, akaandika kinu kipya kwa 400,000, akafunga. Kinu cha zamani bado kiko kwenye rejista, na kila mwaka kinaendelea kuchakazwa ilhali kiliondoka. Ni rahisi kuligundua. Chukua rejista ya mali, ingia kwenye banda, hesabu vinu. Rejista ikisema viwili na banda lina kimoja, umelipata. Kisha linganisha kile kipya na bei ya taslimu: kikiwa chini sana, thamani ya cha zamani haikuingizwa, na kikiwa juu sana, bei ya ankara imeandikwa kama ilivyo.

Ukija kwetu na mabadilishano ya aina hii, lete ankara, kotesheni zote mbili, risiti ya usafiri na ya fundi, na ukurasa wa rejista unaoonyesha tarehe na bei ya kununua kinu cha zamani. Uchakavu wa kinu kipya tutauanza tarehe kilipokuwa tayari kusaga, hata kama mteja wa kwanza alikuja wiki mbili baadaye.