Yule aliyekutwa Kilwa

Moshi,
Jumapili jioni

Mwalimu mwenzangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana wa basi, pamoja na korosho. Korosho watoto wamezimaliza kabla sijafungua bahasha. Huku baridi ya Julai imekaza, mlima una siku tisa haujajitokeza, na nakuandikia nikiwa nimejifunga shuka kama mgonjwa. Mama watoto anakusalimu sana. Anasema ukija tena usilete dagaa, lete papa mkavu.

Umeniuliza kuhusu mwaka 957, ule ambao umekuwa ukiuandika ubaoni kuwa ndio Ali bin al-Hasan alifika Kilwa na Mashirazi wake na Uislamu ukaanza. Mzee mmoja wa huko kwako amekuambia si kweli, na wewe unaona haya kuwarudia wanafunzi. Bwana, usione haya. Mimi nimeuandika ubaoni miaka kumi na mmoja.

Mwaka huo haukuandikwa na mtu aliyekuwepo. Umetokana na wataalamu kuchukua orodha ya masultani, kujumlisha miaka waliyotawala na kuhesabu kurudi nyuma. Orodha yenyewe tunaipata katika tarikhi ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa njia mbili. Moja ni muhtasari wa Kireno alioutia João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, na hakuwahi kuiona Kilwa kwa macho yake. Nyingine ni ya Kiarabu, na nakala iliyopo sasa ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19, ikaishia Londoni. Mwandishi wa hiyo ya Kiarabu anatuambia alizaliwa mwaka 904 wa Hijria, yaani 1499. Piga hesabu mwenyewe: kati ya Ali na yeye kuna zaidi ya miaka mia tano. Halafu anaahidi sura kumi, sisi tunazo saba tu.

Nimezisoma zote mbili tena likizo hii, katika tafsiri, mezani pa jikoni, moja kulia na nyingine kushoto. Hazikubaliani hata kwenye mwanzo. Kwa Barros, Ali ni mtoto wa sultani wa Shirazi, mji wa Uajemi, aliyezaliwa na mama Mhabeshi, ndugu zake wakamdharau kwa ajili ya mama huyo, naye akaondoka akatafute pake. Katika ile ya Kiarabu hakuna dharau yoyote. Sultani anaota panya mwenye pua ya chuma anautoboa ukuta wa mji, anajua nchi itaharibika, anapakia watu wake katika majahazi saba, yeye na wanawe sita, na kila jahazi linatua mahali pake: Mombasa, Pemba, Kilwa, na la mwisho Nzwani. Ukiona saba na ukaona ndugu, jua hapo kuna mtu anayeunganisha koo za miji kuwa familia moja. Hiyo ni kazi ya siasa ya wakati wa mwandishi. Wareno walikuwa wamekwisha kuipiga Kilwa mwaka 1505, na nyumba ya kifalme ilikuwa ikigombania nani ana haki ya kiti. Nasaba ndefu ilikuwa na bei.

Kisa cha nguo unakijua. Mtawala asiye Mwislamu anakubali kuuza kisiwa kwa kitambaa cha kukizunguka. Nilikijaribu na Kidato cha Pili. Jengo letu la madarasa lina mzunguko wa mita sabini na sita, khanga moja ina mita moja na nusu hivi, kwa hiyo zinatakiwa khanga hamsini na moja, doti ishirini na tano na kipande. Matroni alituazima sita. Zikafika dirisha la kwanza, watoto wakacheka, na mmoja akasema, “Mwalimu, kumbe walimuuzia duka zima.” Nikamjibu kisa hakitupi risiti, kinatupa wazo: kwamba waliohifadhi hadithi hii walitaka ikumbukwe kuwa kisiwa kilipatikana kwa bidhaa, kwa ridhaa, si kwa upanga. Kama ilikuwa hivyo kweli ni swali jingine, maana hadithi hiyohiyo inaendelea kusema yule mtawala alikwenda bara akakusanya watu, akangoja maji yatoke ili avuke kwa miguu, na wageni wakachimba mkondo kumzuia. Ridhaa gani hiyo?

Lakini kilichonifanya niache chai ikapoa ni sentensi mbili tu, ambazo nilizipita miaka yote. Waliposhuka Kilwa, tarikhi ya Kiarabu inasema, walimkuta Mwislamu na baadhi ya watoto wake. Inasemekana jina lake ni Muriri wa Bari. Na walikuta msikiti.

Soma tena. Kitabu kilichoandikwa kuwatukuza Mashirazi kinakiri chenyewe kwamba msikiti ulikuwepo kabla yao. Mwandishi hakuwa na faida yoyote ya kulibuni jambo hilo, linampunguzia bwana wake sifa. Nadhani lilibaki kwa sababu kaburi lilikuwepo na watu walilijua, maana anasema msikiti huo ndio aliozikwa huyo mtu. Huwezi kumfuta aliye na kaburi mjini.

Sasa njoo kwenye udongo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akazipata sarafu nyingi za Ali bin al-Hasan. Ni vitu vidogo, upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, pande mbili zikipatana kwa vina kama ubeti. Tatizo lake ni moja na ni kubwa: hazina mwaka wala jina la mji. Chittick aliziweka katika tabaka la udongo aliloliona la mwisho wa karne ya 12, kwa hiyo Ali akashuka kutoka 957 hadi karibu na 1200, na Uislamu wa Kilwa ukashuka naye. Vitabu vya shule vikagawanyika, vingine tarikhi, vingine Chittick.

Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Mafatimi, watawala wa Misri. Dinari zile zina miaka, na wa karibuni kabisa ni 1066. Ndani ya fedha zile limo jina la Ali bin al-Hasan. Hapo ndipo unaona kazi ya mwanaakiolojia inavyofanyika: sarafu isiyo na mwaka imelala mfuko mmoja na sarafu yenye mwaka, kwa hiyo inakopa mwaka wa jirani yake. Ali akapanda tena kwa zaidi ya karne moja, akakaa katika karne ya 11.

Ila angalia mkopo huo una mipaka. Dinari ya mwaka 1066 inaweza kuzikwa baada ya 1066, kabla haiwezi. Na kwa kuwa mji haukuandikwa, hakuna kwenye sarafu kinachotulazimisha tuseme Ali huyo alitawala akiwa Kilwa na si Pemba, au kwamba ndiye yule wa panya na majahazi. Jina Ali mtoto wa Hasan, bwana, katika Waislamu ni kama Juma mtoto wa Bakari.

Na wakati tunabishana kuhusu Ali, kule Shanga kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine chini yake, na mwingine, hadi akafika kwenye alama za nguzo za miti, kijengo kidogo anachokikadiria cha mwisho wa karne ya 8. Ni kabla ya Ali kwa miaka mia moja na hamsini na zaidi, tarehe yoyote utakayompa. Muriri wa Bari wako hakuwa peke yake.

Kuhusu utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023 uliousikia redioni: ni kweli walipima watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kati ya 1250 na 1800, wakakuta upande wa mama ni Uafrika zaidi, na upande wa baba Uajemi umo sana, kuchanganyika kukianzia karibu na mwaka 1000. Wazee wa Kishirazi wamefurahi na wana haki. Lakini waliopimwa wa pwani wengi ni waliozikwa karibu na misikiti na makaburi ya mawe, yaani wenye nacho. Aliyekaa nyumba ya udongo na kuzikwa shambani hayumo. Na mfupa hautamki shahada.

Hili ndilo ninalotaka uwaambie wanafunzi wako. Sisi tunasema “Uislamu ulienea kwa biashara” kana kwamba tumesimama pale sokoni. Hatuna andiko lolote la zamani hizo linalomwonyesha mfanyabiashara akimshawishi mtu wa pwani asilimu. Tuna vigae vya vyombo kutoka Ghuba, na karibu navyo tuna msikiti, na sisi ndio tunaochora mstari kati ya viwili hivyo. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyepita bahari hii mwaka 916, anasema kisiwani Kanbalu kulikuwa na Waislamu wanaosema lugha ya Zanji, lakini anaongeza kuwa walikiteka kisiwa. Shahidi wetu wa mapema namna hiyo, na hasemi biashara ndiyo iliyofanya kazi.

Hapa Kilimanjaro napata kipimo kizuri. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipofika Kilema kwa Mangi Masaki, aliyemwongoza ni Bwana Kheri, Mswahili wa misafara aliyeijua njia tangu zamani. Pembe za ndovu zilikuwa zikishuka, nguo na shanga zikipanda. Biashara ilikuwepo na Waislamu walikuwepo, na bado Wachaga wengi hawakusilimu. Kwa hiyo biashara peke yake haitoshi. Pwani lazima kulikuwa na kingine: ndoa, mkopo unaohitaji kiapo cha dini moja, mtawala anayetaka kuheshimiwa bandari za mbali. Mimi naegemea ndoa, ila sina pa kuonyesha kidole.

Nina ombi. Ukivuka tena Kisiwani, kabla ya kwenda kwenye magofu yanayopigwa picha na watalii, muulize yule mzee aliyekusahihisha kama amewahi kusikia jina Muriri wa Bari, na kama papo mahali panapoitwa Kibala, maana ndivyo tarikhi inavyouita ule msikiti. Usimtajie kitabu kwanza. Ukimtajia kitabu atakujibu ya kitabu. Na ukiandika alichosema, andika pia nani alimwambia yeye.

Kahawa nimempa kijana, kilo mbili, imekaangwa jana. Hakikisha hajaifungua njiani.

Wako,
wa baridini