Kuhusu usemi wa taarifa darasani kwako

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeniuliza kwa nini wanafunzi wako wanakosea usemi wa taarifa ilhali wamekariri jedwali lote: kesho ni siku iliyofuata, leo ni siku hiyo, hapa ni pale. Nadhani kasoro iko kwenye jedwali. Linawazoesha kubadili neno mojamoja, na kumbe la kwanza kujua ni nani anasimulia, lini, na akiwa wapi.

Chukua sentensi hii: "Jana mama yangu alilazwa, kwa hivyo sitaweza kuja hapa kesho," Asha alimwambia mwalimu.

Waanze na nafsi: mama yangu anakuwa mama yake. Kisha wakati. Kulazwa kulitangulia maneno ya Asha, basi andika alikuwa amelazwa. Sitaweza inakuwa hangeweza. Anayeandika asingeweza naye mpe alama. Anayeandika hangaliweza amekosea, kwa kuwa -ngali- inaonyesha nafasi iliyokwisha kupita, ilhali Asha alikuwa akisema habari ya siku ambayo haijafika. Jana iwe siku iliyotangulia, kesho iwe siku iliyofuata. Kesho yake pia ni Kiswahili safi, usiikate.

Mahali pabaki mwisho, maana ndipo wengi wanapoteleza. Wanageuza hapa kuwa pale, halafu wanaacha kitenzi kuja. Kuja ni kuelekea aliko msemaji. Msimulizi akiwa mbali na shule, Asha hakuwa anakuja, alikuwa anakwenda. Ni hivyo hivyo kwa leta na peleka. Jibu kamili ni: Asha alimwambia mwalimu kwamba siku iliyotangulia mama yake alikuwa amelazwa, kwa hivyo hangeweza kwenda pale siku iliyofuata.

Sasa mwalimu huyo huyo, siku hiyo hiyo, akiwa bado shuleni, akimweleza mwenzake, atasema: Asha amesema hataweza kuja hapa kesho. Hajakosea hata kidogo, maana kesho bado ni kesho na hapa bado ni hapa. Ndiyo sababu swali lisiloeleza msimulizi humwonea mwanafunzi anayefikiri. Ongeza mstari mmoja tu juu ya zoezi: "Taarifa inatolewa wiki moja baadaye, mahali pengine." Utaona majibu yanavyonyooka.

Angalia pia kitenzi cha kutambulisha. Kikiwa anasema, nyakati hazirudi nyuma, nafsi tu ndiyo inayobadilika. Na jambo la kawaida lenye -hu-, kama "Jua huchomoza mashariki", libaki lilivyo hata baada ya alisema.

Kwa zoezi la kwanza, sentensi tano zinatosha, ila mpe kila mwanafunzi sentensi ileile aitoe mara mbili: kwanza kama aliye palepale siku ileile, kisha kama aliye mbali baada ya wiki. Ukisahihisha, weka majibu hayo mawili sambamba. Aliyeandika jibu moja mara mbili ndiye bado anategemea jedwali.

Niandikie wakishafanya.

Wako,
Mwanaisha