Hiyo "sijasahau" yako

Besti, mambo? Shairi nimelisoma, alafu nikalisoma tena kwa sauti manake takriri ya mwanzo, hilo neno lako linaloanza kila mstari, huwezi kuipima kwa macho, inabidi sikio lihusike.

Kwanza ule mwanzo wako ni mrefu mno. "Mimi bado sijasahau" ni mizani 9, na we mistari yako ina mizani 16, kwahiyo zaidi ya nusu ya kila mstari ni kitu ambacho msomaji ashakisikia, kipya kinabanwa huko mwishoni kinakosa hata pumzi. Baki na "sijasahau" peke yake, mizani 5 tu. Cheki nilivyojaribu, vina sijatia, kama wewe ambavyo hukutia:

Sijasahau mlango, ulivyofungwa usiku
Sijasahau kiatu, kilichobaki pembeni
Sijasahau sauti, ilivyokata ghafula
Nimesahau usowo, sasa nauliza picha

Unaona mlango, kiatu, sauti, uso? Kila mstari unamsogelea mtu, tunaanzia kwenye nyumba tunaishia kwake mwenyewe. Hapo ndo nguvu inapojijenga, sio kwenye neno linalorudi ila kwenye kile kinachobadilika nyuma yake, neno likishatulia msomaji halisikilizi tena, masikio yote yanahamia kwenye kitu kipya. Kwako ulikuwa na mlango, chumba, dirisha, ukuta, vyote vya nyumba na vyote vina uzito uleule, nikabadilisha mstari wa 1 na wa 3 nafasi na hakuna kilichoharibika. Hiyo ndo dalili mbaya bana. Mistari ikikubali kupangwa vyovyote ujue hiyo ni orodha, haipandi popote.

Sasa ule mstari wangu wa 4. Mara ya kwanza "sijasahau" ni taarifa tu, mara ya pili sikio linashtuka kidogo, ya tatu linaanza kulisubiri lije, na likishasubiri ndo unalinyima. "Nimesahau" nayo ni mizani 5, mwendo ni uleule, kilichobadilika ni silabi mbili za mbele tu lakini maana yote imegeuka, na ile mistari mitatu ya juu inasomeka upya, kumbe alikuwa anang'ang'ania vitu coz mtu mwenyewe ameshamponyoka. Ungegeuza kwenye mstari wa 2 kusingekuwa na cha kuvunja, na ukifika wa 9 au wa 10 bila kugeuza chochote msomaji anaanza kuruka mwanzo anasoma mwisho tu, mi mwenyewe kwenye lako nilianza kuruka kama katikati ya ubeti wa pili hivi.

Alafu usichanganye takriri ya mwanzo na kibwagizo. Kibwagizo kinarudi kizima mwisho wa ubeti na kinakutuliza, hii inaanza upya bila kufunga, ndo maana inasukuma.

Ubeti wa tatu sijaugusa, ule wa "kama ungerudi". Pale mwanzo ni mzuri ila mstari wa mwisho ndo mwepesi kuliko yote, jaribu kuupandisha juu uone kipi kinastahili kukaa chini, alafu nitumie.