Barua kwa binamu yangu aliyebebeshwa hesabu ya nyumba ya Pasaka

Binamu, mambo vipi. Nimesikia wamekufanya mweka hazina wa safari ya Kigamboni, hongera na pole kwa pamoja, maana kazi yenyewe haina posho na lawama zake utazibeba mpaka Krismasi. Uliniuliza nyumba ugawe kwa vichwa au kwa usiku nikakujibu ntakupigia, ila nimeona bora niandike hapa kwa sababu kila sikukuu kuna mtu Dar hii anachanganyikiwa na hesabu hiyohiyo, na jina lako sijaliweka kwaiyo usinijie juu.

Kwanza tuweke mambo yenu mezani. Nyumba ya vyumba vinne upande wa bichi, laki tatu kwa usiku, na mwenye nyumba kashasema msimu wa Pasaka hatoi chini ya usiku nne, yaani mnaingia Alhamisi jioni mnatoka Jumatatu ya Pasaka. Jumla 1,200,000. Mko sita. Wewe na wale wanandoa mnalala usiku zote nne. Mhasibu Alhamisi hatoki kazini mpaka giza so anakuja Ijumaa Kuu, analala tatu. Mwalimu anakuja Jumamosi, analala mbili. Nesi wetu anatoka shifti Jumamosi, analala mara moja tu, Jumapili jioni anarudi mjini.

Ukigawa sawasawa kila mtu anatoa 200,000. Inaonekana simpo na kuna watu watakwambia sisi ni familia bana tusibaniane, lakini hebu kaa kwenye kiti cha nesi: laki mbili kwa usiku mmoja, wakati wewe unalipia elfu hamsini kwa usiku. Hatagombana na wewe, atakwambia tu "basi mi ntakuja asubuhi na pantoni nirudi jioni", na hapo yeye kaokoa laki mbili na nyie watano mliobaki mnapanda mpaka 240,000 kila mmoja. Kumbuka nyumba ikishalipiwa, nesi kulala pale hakuongezi hata shilingi kwa mwenye nyumba, so chochote anachotoa kinawapunguzia nyie. Ukimpa bei ya kumfukuza umejikomoa mwenyewe. Kabla hujamtajia hela yake angalia gesti ya maeneo hayohayo inalalisha shilingi ngapi, ukiona mchango wake umeipita hiyo bei ujue humpati.

Sasa najua wewe na eksel yako unawaza njia ya pili, kwamba kila usiku ugawanywe kwa waliolala usiku huo tu. Kwa macho ndo inaonekana ya haki kuliko zote. Alhamisi mko watatu, laki kila mmoja. Ijumaa mko wanne, 75,000. Jumamosi mmejaa sita, 50,000. Jumapili watano, 60,000. Ukijumlisha, nyie watatu wa usiku nne mnatoa 285,000 kila mmoja, mhasibu 185,000, mwalimu 110,000, nesi 50,000, na inatimia milioni moja na laki mbili bila deni.

Angalia lakini nini kimetokea pale. Alhamisi mko watatu kwenye nyumba ya vyumba vinne, viwili vimefungwa vinasubiri watu, na mnavilipia nyie. Usiku wa bei chee kuliko zote ni Jumamosi, ambao ndo kila mtu anautaka. Ni kama mmekodi Kosta kwenda Morogoro badala ya Noah kwa sababu kuna wenzenu wanapandia Chalinze, alafu wakipanda wanasema sisi tunalipa kuanzia Chalinze tu. Viti vyao vimetembea vitupu toka Dar, na bila wao msingekodi Kosta. Nyumba inachaguliwa ukubwa kwa kuangalia usiku wa watu wengi, so gharama ya Jumamosi imeingia ndani ya Alhamisi hata kama Jumamosi bado haijafika.

Na hiyo njia ina tatizo lingine ambalo ndo litakuumiza kichwa zaidi, nalo ni kwamba inamuadhibu anayetangulia. Wale wanandoa wakiona Alhamisi ni laki laki, yaani laki mbili kwa chumba kimoja, wanaanza kunong'ona "na sisi si tuje Ijumaa asubuhi tu". Wakifanya hivo Alhamisi yote inakuangukia wewe peke yako, laki tatu, unalala na mlinzi. Na wewe ukijiondoa pia, usiku umelipiwa na hauna mwenyewe. Nimeona grupu moja la wasapu lilivunjika hivohivo, kila mtu anasubiri mwenzake ajaze siku ya kwanza, mpaka dalali kampa mtu mwingine nyumba.

Ndo maana mi nakushauri uhesabu usiku wa kila mtu ujumlishe zote kwa pamoja. Nyie watatu mara nne ni 12, mhasibu 3, mwalimu 2, nesi 1, jumla 18. 1,200,000 gawa kwa 18 unapata 66,667 kwa mtu kwa usiku, na bei ni hiyohiyo hata ukilala Alhamisi kwenye ukimya au Jumamosi kwenye fujo. Fanya 67,000 usihangaike na sarafu, ile elfu sita inayozidi iingie kwenye luku. Wewe na wanandoa 268,000 kila mmoja, mhasibu 201,000, mwalimu 134,000, nesi 67,000. Ukilinganisha na ile ya usiku kwa usiku nesi kapanda elfu 17, mhasibu elfu 16, mwalimu elfu 24, nyie mmeshuka elfu 17 kila mmoja, hakuna anayeumia sana, na siku ya kwanza haina tena faida ya kuikwepa kuliko siku nyingine.

Ila usiichukue kama msahafu. Inafaa kwenu kwa sababu mbili: nyumba kubwa imechukuliwa kwa ajili ya wote, na Alhamisi hamkuichagua, mwenye nyumba ndo kalazimisha. Tuseme angekubali usiku tatu, alafu nyie watatu mkasema ah sisi tunataka kuwahi, tuongeze na Alhamisi. Hapo Alhamisi ni starehe yenu, laki tatu mnagawana watatu, na zile laki tisa za Ijumaa mpaka Jumapili mnazigawa kwa usiku 15 zilizobaki, inakuwa elfu sitini. Vilevile kama nyumba hiyohiyo nyie watatu mngeichukua hata wale wengine wasingekuja, huna sababu ya kumbebesha nesi vyumba vitupu vya Alhamisi, rudi tu kwenye usiku kwa usiku. Kwaiyo swali la kujiuliza kabla hujafungua eksel ni hilo, bila hawa wanaokuja nusu tungechukua nyumba gani na kwa siku ngapi?

Kitu kingine ambacho mi nakiona kizito kuliko hata njia ya kugawa: hesabu ni kwa usiku mtu alioahidi, sio aliolala. Chukulia wanandoa mnakubaliana vizuri, alafu Jumatano wanasema Alhamisi hatuwezi. Ukiwapunguzia, 18 inakuwa 16 na bei inaruka kutoka 66,667 mpaka 75,000, na mwalimu aliyepanga 134,000 zake anaambiwa aongeze elfu 16 kwa kosa ambalo hajafanya. Nyumba haijapungua bei kwa sababu wao wamechelewa. So weka siku ya mwisho ya kubadilisha, iwe kabla hujampa mwenye nyumba advansi, baada ya hapo asiyekuja analipa usiku wake au analeta mtu wa kulala badala yake. Nesi wakimbadilishia shifti inauma, najua, lakini mkitaka kumsamehe iwe mmekubaliana wote kwa moyo, sio wewe kimyakimya unamfidia kutoka mfukoni. Na mtu akinogewa akaongeza usiku palepale atoe 67,000 nyingine iingie kwenye luku na mkaa, usirudi kupiga hesabu upya za watu sita saa tano usiku.

Kuhusu vyumba. Wanandoa watachukua masta yenye kiyoyozi, hilo halina mjadala, na utasikia wanasema sisi ni chumba kimoja tuhesabiwe mmoja. Hapana, hesabu vichwa viwili, maana wanaoga wawili na wanakaa barazani wawili. Anayeonewa ni mwalimu, Jumamosi chumba cha nne ni cha nesi so yeye atalala sebuleni kwenye godoro. Waongezee wa masta elfu tatu kwa kichwa kwa usiku, usiku zao ni nane, inakuwa 24,000, na hiyo yote mpunguzie mwalimu. Yeye anatoa 110,000, wanandoa 280,000 kila mmoja, jumla haijaguswa. Kama hamna anayelalamika acha kabisa, usilete tatizo ambalo halipo.

Hela ya usafi gawa sawa kwa sita, nyumba inafagiliwa mara moja mkiondoka hata mtu akilala usiku mmoja. Luku gawa kwa usiku kama kodi. Chakula kiweke mbali kabisa, kwenye mchango wake, maana kuna anayekula pweza na kuna anayekuja na mkate wake, ukichanganya na nyumba hutoki. Ile hela ya dhamana anayorudisha mwenye nyumba andika nani katoa kiasi gani, asiyetoa asije kudai.

Meseji ya grupu iwe fupi, we kopi hii ubandike:

"Wapendwa, nyumba ni 1,200,000 kwa usiku nne. Kila mtu ataje usiku anazolala mpaka Ijumaa hii saa mbili usiku. Usiku mmoja ni 67,000 kwa kichwa kama jumla ya usiku za wote ikibaki 18, ikibadilika kabla ya hapo ntawaambia bei mpya. Baada ya Ijumaa usiku ulioutaja unaulipia, ukishindwa kuja tafuta mbadala. Tuma na ya kutolea."

Hiyo ya kutolea usiisahau binamu, watu watano wakituma kavukavu makato yote yanakukaa wewe.