Monopoli ichezwe kwa kanuni zake

Mhariri,

Wazazi wanaowanunulia vijana Monopoli, mchezo wa ubao wa kununua viwanja na kutoza kodi, ili wajifunze biashara mara nyingi hufuta kanuni mbili zenye somo lenyewe: mnada na hasara ya kuuza nyumba kwa dharura. Kiwanja kisiponunuliwa na aliyekifikia, benki hukinadi kwa wote papo hapo. Hapo ndipo kijana hujifunza bei, maana kiwanja cha 200 kinaweza kwenda kwa 90 ikiwa wenzake wameishiwa fedha.

Somo la akiba lipo kwenye nyumba. Tuseme kijana anamiliki viwanja vyote vitatu vya rangi ya chungwa na ana 1,000 mkononi. Nyumba moja ni 100. Akijenga tatu kila kiwanja, anatoa 900 na kubaki na 100. Raundi hiyohiyo anadaiwa kodi ya 300. Benki hununua nyumba kwa nusu bei, kwa hiyo anauza nne kupata 200 zilizopungua, na kwa kuwa lazima abomoe kwa usawa, anabaki na mbili, mbili na moja. Kiwanja cha 180 kilichokuwa kikimwingizia 550 sasa kinaleta 200, au 70 tu.

Angejenga sita, angelipa deni hilo bila kugusa nyumba hata moja.

Msimkatize kumwonya. Mwacheni auze, kisha mwulizeni angebakiza ngapi. Na zile fedha za bure mnazorundika katikati ya ubao ziondoeni. Hazimo kwenye kanuni, na humwokoa aliyejenga ovyo.

Mpenzi wa michezo ya ubao,
Dar es Salaam