Orodha ya Alhamisi: barua kwa machifu na wenyeviti wa nyumba kumi

Wanangu machifu, manaibu wenu na wenyeviti wa nyumba kumi wa mitaa yetu hapa Mombasa,

Assalamu aleikum. Alhamisi nilikuwa barazani, nyuma kabisa, kwenye kivuli cha mwembe. Nilisikia mkisoma majina 14 ya vijana mnaowaita wa magenge. Mlipolitaja la tisa, mama mmoja mbele yangu aliuvuta mtandio ukamfunika uso, akainuka, akaenda zake bila kuvaa ndara. Kabla ya Isha, orodha na picha zao zilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Jina la kumi na mbili ni la mtoto wa miaka 13.

Nimekuwa afisa wa probesheni miaka 27. Nimestaafu, lakini kwa hili sitanyamaza.

Najua mnachokabiliana nacho. Wanaokatwa mapanga ni watu wetu, na mwenye simu iliyonyang'anywa ana haki ya kukasirika. Ila orodha ile haitapunguza mapanga, na nitawaeleza kwa nini kupitia kijana mmoja tu.

Alikuwa na miaka 15 alipoiba mtungi wa gesi nyuma ya nyumba ya jirani, yeye na wenzake wawili. Waliuuza, wakala chipsi na kuku, pesa zikaisha siku hiyo hiyo. Mahakama ya watoto ikamweka chini yangu mwaka mmoja. Kila Jumatatu ya pili alikuja, na hakukosa hata mara moja. Nikampeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Baada ya miezi minane alikuwa anatengeneza dirisha peke yake, na mikono yake ilijaa alama ndogo za cheche ambazo alipenda kunionyesha. Mwaka ukaisha, faili nikaifunga.

Miaka miwili baadaye simu zikaibwa mtaani. Hakuna aliyemtaja kuhusika, ila mtu wa usalama alihitaji majina, na jina lake lilikuwa limeshaandikwa mahali. Likasomwa barazani kama mlivyosoma nyinyi. Kesho yake fundi alimwambia, kwa upole kabisa, "Mwanangu, wateja wanaogopa kuniachia mageti yao. Kaa nyumbani kidogo." Hiyo "kidogo" haijaisha mpaka leo.

Alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba barua ya kitambulisho. Akaambiwa arudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha akaulizwa kama yeye si yule wa mitungi ya gesi. Sasa nyinyi mnajua kuliko mimi maana ya kukosa kitambulisho Kenya hii. Huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, ghala haliwezi kukuandika kazi ya kubeba magunia, na msako ukipita usiku wewe ndiwe wa kwanza kuingizwa kwenye gari la polisi. Ndivyo ilivyokuwa. Alishikwa kwa kukosa kitambulisho alichonyimwa kwa sababu aliwahi kushikwa.

Nilimuuliza baadaye ilikuwaje akaingia kwenye kundi. Alinijibu, "Babu, asubuhi ile kwenye seli wao ndio walioniletea chai na mkate." Waliokuja na chai walimlipia dhamana pia. Deni la dhamana likalipwa kwa panga. Sasa yuko ndani, na safari hii kweli ni mhalifu, na mtu aliyekatwa naye hatapata tena nguvu za mkono wake wa kulia.

Wataalamu wanaliita jambo hili nadharia ya kubandikana majina. Mmarekani Edwin Lemert alilipambanua mwaka 1951. Kosa la kwanza, alisema, lina sababu nyingi: njaa, marafiki, ujinga wa ujana, na mtendaji bado hajioni kuwa mwizi. Kosa la pili ni kitu kingine. Linakuja pale mtu anapoanza kuyapanga maisha yake kufuatana na jinsi watu walivyomchukulia. Mtungi wa gesi ulikuwa wa kwanza. Panga lilikuwa la pili, na kati ya hayo mawili tulisimama sisi.

Mkisema hayo ni maneno ya vitabuni, basi nendeni Florida. Sheria ya huko inamruhusu hakimu kumweka mtu chini ya uangalizi bila kumtangaza rasmi kuwa ametiwa hatiani. Watu wawili wanaweza kuwa na kosa la aina moja na uangalizi wa aina moja, mmoja akatoka na jina la mhalifu, mwingine bila. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya karibu watu 96,000 wa namna hiyo. Katika miaka miwili, waliopewa jina ndio waliorudia kosa zaidi. Hao walikuwa watu wazima, na mahakimu hawakuamua kwa bahati nasibu nani apewe jina, kwa hiyo tusilichukue kama msahafu. Lakini mwaka 2010 yalikusanywa majaribio 29 kuhusu vijana zaidi ya 7,000, ambao kwa bahati nasibu wengine walipelekwa mahakamani na wengine wakaondolewa kwenye mkondo huo. Kupelekwa mahakamani hakukupunguza uhalifu. Kwa jumla kulielekea kuuongeza.

Nadharia hii haielezi kwa nini mtoto aliiba mara ya kwanza, wala haisemi aliyemchoma mtu kisu aachiwe arudi nyumbani kula. Wapo pia wanaofikishwa mahakamani wakaacha. Inachotuuliza ni hiki: baada ya adhabu, mlango gani umebaki wazi? Mnaniambia samaki mkunje angali mbichi. Kweli, lakini nyinyi hamkukunja, mmeanika.

Na sheria iko upande wangu. Tangu Sheria ya Watoto ya 2001, mahakama ya watoto Kenya haitumii hata maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu" kwa mtoto. Ile ya 2022 ikapandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, ikafungua njia ya kumaliza kesi nje ya mahakama. Hakimu mwenye joho anachunga ulimi, halafu sisi tunachukua kipaza sauti chini ya mwembe! Na wanasiasa je? Vijana hao hao kila kampeni wanatafutwa na kulipwa kuvuruga mikutano, na sijawahi kusikia orodha ya waliowalipa.

Mengine nayasema kwa ufupi. Msipige picha watoto mliowakamata. Msiwachanganye na watu wazima, hata kwa saa moja. Mtuhumu mtu kwa tendo, tarehe na shahidi, si kwa ukoo au rafiki zake. Aliyemaliza probesheni amemaliza.

Lililobaki ni kubwa kuliko yote hayo. Futeni orodha ile kwenye simu zenu, na barazani msomapo tena, semeni kwa kipaza sauti hicho hicho kwamba majina yale hayakuwa na ushahidi. Mkiogopa kuaibika, mkumbukeni yule mama aliyeondoka miguu mitupu. Ndara zake ninazo mimi, hajatoka nje kuzifuata.

Mwanawe, yule wa jina la tisa, anatimiza miaka 18 mwezi wa Agosti. Atakuja ofisini kwenu kuomba barua ya kitambulisho. Nitakuja naye, na nitakaa hapo benchini mpaka isainiwe.

Mzee wenu,
afisa mstaafu wa probesheni