Barua kwa mdogo wangu: bosi wako hasifu

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, na kilichoniuma zaidi ni habari ya lile faili la kontena. Uligundua uzito kwenye hati ya shehena haulingani na ule wa orodha ya mzigo, ukampigia mteja, hati zikarekebishwa kabla hazijafika forodhani. Hapo bandarini Tanga nani asiyejua tozo za kuhifadhi zinavyopanda mzigo ukikwama? Bosi akapokea faili, akasaini, akasema, "Haya, lingine." Ukarudi Ngamiani hata chakula hakipiti.

Una haki ya kuumia. Asiyeambiwa chochote hukosa kipimo: hajui aendelee vilevile au abadilike. Tuanzie hapo, maana sifa huwezi kumlazimisha mtu azitoe, ila maelezo ya kazi unaweza kuyaomba.

Usimuulize, "Bosi, nimefanya vizuri?" Atasema "ndiyo" macho yake yakiwa kwenye simu, nawe utaondoka mikono mitupu. Subiri awe hana mteja, umuulize juu ya faili moja tu: "Bosi, lile la kontena, lijalo ungetaka nibadilishe nini?" Wengi wasiojua kusifu wanajua kukosoa kazi. Akikwambia ankara zitangulie mbele, umepata la kushika. Akisema hakuna, basi kwake hiyo ndiyo kazi safi. Tazama pia anakupa mafaili gani. Anayekukabidhi mteja msumbufu, kisha akasaini bila kukagua upya, anakuamini hata kama mdomo wake mzito.

Halafu weka daftari. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi andika tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, ikawaje. Mfano: "Uzito haukulingana. Nimempigia mteja, hati zimerekebishwa. Mzigo umetoka bila tozo ya ziada." Usiandike "nimejituma sana", hilo halimwonyeshi mtu kitu. Siku ya kuongelea mshahara bosi atakuwa ameshasahau, wewe utakuwa na maandishi. Majina ya wateja na siri zao usiyatie humo. Na wiki ukijihisi huna maana pale kazini, lifungue usome mwenyewe.

Yule karani aliyekutafutia namba ya mteja, je, umemshukuru? Mtajie hasa alichokusaidia. Naye anakaa chini ya bosi yuleyule, huenda ana kiu kama yako.

Yote haya ni kwa bosi mkimya. Akianza kupeleka kazi yako kwa mkurugenzi kama yake, au kukufokea mbele ya wateja, hilo ni jambo jingine, na maswali ya upole hayatalitibu. Andika tarehe na kilichosemwa, kisha nipigie siku hiyohiyo tuone kama ni la kumkabili yeye, la kulifikisha kwa mkubwa wake, au la kuanza kutafuta ofisi nyingine.

Dada yako